Kufunga biashara Kenya: zima VAT na PAYE kwenye PIN yako kabla ya kurudisha funguo za duka

Nchini Kenya, biashara ya mtu mmoja iliyosajiliwa kwa jina la biashara haina PIN yake ya kodi. Inatumia PIN ya mwenyewe, ileile unayotumia kufungulia akaunti ya benki. Ulipoanza kuuza na kuajiri, kwenye PIN hiyo uliongezewa wajibu wa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, na wajibu wa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, na wajibu huo hautoki kwa sababu umebandua bango na kurudisha funguo. Hautoki hata ukifuta jina la biashara kwa Msajili wa Biashara, maana Msajili na mamlaka ya mapato, KRA, ni ofisi mbili tofauti na kila moja inasubiri uiarifu mwenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu anafunga duka kwa sababu limekosa faida, kisha anakuja kudaiwa pesa nyingi kuliko hasara iliyomfanya afunge.

Tuchukue duka moja la vifaa vya ujenzi, lenye VAT na mfanyakazi mmoja wa kulipiwa PAYE. Limefungwa mwisho wa Septemba, na mwenyewe hajagusa tena iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni. Mfumo unaendelea kungoja ritani ya PAYE kila tarehe 9 na ya VAT kila tarehe 20. Faini ya kuchelewesha ritani ya VAT ni asilimia 5 ya kodi inayodaiwa au shilingi 10,000, kiasi chochote kilicho kikubwa zaidi. Ya PAYE ni asilimia 25 au shilingi 10,000, vilevile kikubwa ndicho kinachochukuliwa. Kwa kuwa duka halina mauzo wala mshahara, asilimia yoyote ya sifuri ni sifuri, basi inabaki ile 10,000. Baada ya miezi 12 VAT imefika 120,000 na PAYE 120,000. Ongeza 2,000 ya ritani ya mwaka ya mtu binafsi isiyowasilishwa kufikia Juni 30, jumla ni shilingi 242,000, na hakuna hata msumari mmoja uliouzwa. Tena KRA ina uwezo wa kukukadiria kodi pale ritani inapokosekana, na makadirio hayo hayajui kwamba mlango ulifungwa.

Kwa hiyo anza na cheti chako cha PIN. Ingia iTax, kipakue upya, ukiangalie kwenye jedwali la wajibu wa kodi. Kila mstari una jina la wajibu, tarehe ulipoanza, tarehe ya kuisha, na neno la hali yake. Mstari wowote ulioandikwa `Active` unadaiwa ritani, uwe unaukumbuka au huukumbuki. Wapo wanaokuta wajibu ambao uliwekwa na mtu wa saiba siku ya kusajili PIN, na hawakuwahi kuujua.

Baada ya hapo safisha leja. Ombi la kufuta wajibu lenye ritani za nyuma zilizokosekana au deni linaloning'inia hukwama, na huku limekwama, miezi inaendelea kuhesabiwa. Wasilisha kila ritani iliyorukwa. Miezi isiyokuwa na shughuli inaingia kwa `Returns`, kisha `File Nil Return`. Ni kazi ya dakika chache kwa kila mwezi, ila hakikisha umechagua wajibu sahihi na kipindi sahihi, na uhifadhi risiti ya uthibitisho ya kila moja. Kama faini zimeshaingia, zilipe au uzizungumzie kwenye ofisi ya KRA inayokuhudumia upangiwe kulipa kidogokidogo. Usikae ukingoja msamaha. Ule uliofuta faini na riba za madeni ya hadi Desemba 31, 2023 kwa waliolipa kodi yenyewe ulifungwa Juni 30, 2025.

Ritani mbili za mwisho si za sifuri, na hapa watu hukosea kwa haraka ya kumaliza. Ya PAYE inabeba mshahara wa mwisho pamoja na malipo ya kumwachisha mfanyakazi kazi yanayotozwa kodi. Ya VAT inabeba stoki iliyobaki. Sheria ya VAT ya 2013 inachukulia bidhaa ulizobaki nazo siku ya kufutiwa usajili kana kwamba umeziuza, ikiwa ulipozinunua ulidai VAT yake. Stoki ya 300,000 kwa asilimia 16 ni kodi ya 48,000 kutoka mfukoni, bila mteja wa kukulipa. Ndiyo maana inafaa kuuza stoki kwanza, hata kwa bei ya kutupa, kwa ankara za kielektroniki za eTIMS kama kawaida, kisha ndipo uombe kufutiwa. Lakini usiburute mauzo hayo miezi na miezi: sheria hiyohiyo inakupa siku 30 tangu uache kuuza bidhaa zinazotozwa VAT uwe umeshaomba.

Ombi lenyewe liko iTax chini ya `Registration`, kwenye `e-Cancellation`. Soma vizuri unapoulizwa unachotaka kufuta. Mwenye jina la biashara anafuta wajibu, yaani VAT na PAYE, hafuti PIN. PIN ni yako ya maisha. Utaihitaji ukiuza shamba, ukinunua gari au ukipata ajira. Andika sababu kwa maneno mafupi, pamoja na tarehe kamili ya kusimama kwa biashara. Tarehe hiyo ifanane na barua utakayopeleka kaunti na taarifa utakayompa Msajili, kwa sababu tarehe zinazopishana ndizo zinazoleta maswali. Afisa anaweza kutaka kukagua vitabu kabla ya kuidhinisha VAT, hivyo ankara na taarifa za benki ziwe karibu.

Kutuma ombi si kufutiwa. Mpaka afisa aidhinishe, wajibu uko hai, na kila tarehe 9 na 20 inayopita inataka ritani, hata kama ni ya sifuri. Huu ndio mtego mbaya kuliko yote, maana unampata mtu aliyefanya mambo sawasawa kisha akaacha kuwasilisha siku alipopata namba ya ombi. Pakua cheti cha PIN tena kila mwezi. Siku mstari wa VAT na wa PAYE utakapokuwa na tarehe ya kuisha na usionyeshe tena `Active`, hapo ndipo unapoacha, na cheti hicho ukichapishe ukiweke.

Kwa Msajili, taarifa ya kuacha kutumia jina la biashara unaipeleka kupitia eCitizen. Kaunti iarifu kwa barua ili leseni isihesabiwe kwa mwaka unaofuata, na uombe nakala iliyogongwa mhuri. NSSF ya pensheni na SHA ya bima ya afya nao waambiwe kwamba huna tena wafanyakazi. Akaunti ya benki ya biashara iwe ya mwisho kabisa kufungwa.

Kampuni ni habari nyingine. Ina PIN yake, faini yake ya ritani ya mwaka ni 20,000 au asilimia 5 ya kodi, na kuiondoa kwenye rejista kwa hiari kunafuata kifungu cha 897 cha Sheria ya Kampuni ya 2015, pamoja na tangazo kwenye Gazeti rasmi la Serikali. Wajibu wake wa kodi umalize kabla hujaomba iondolewe.

Mapato ya miezi uliyouza kabla ya kufunga bado yanaingia kwenye ritani yako ya mwaka kufikia Juni 30 unaofuata. Hiyo usiiwasilishe sifuri. Vitabu vyote vitunze miaka 5.