Picha moja ya gauni, mitindo sita

Swali: Nina picha ya gauni nililoshona mwenyewe na nataka kutoa mitindo sita kutokana nalo. Nabadilisha kitu kimoja tu kila mara, lakini nikifika mtindo wa nne naona ni gauni jingine kabisa. Nakosea wapi?

Jibu: Dada yangu, nina hakika mtindo wa pili uliutoa kwenye wa kwanza, wa tatu ukautoa kwenye wa pili, na kuendelea. Kwa hiyo wa nne umebeba mabadiliko manne, pamoja na makosa madogo ya mkono wako: kiuno kimepanda kidogo, sketi imepanuka kidogo. Kila mtindo lazima uanzie kwenye gauni la mwanzo.

Nakili gauni kutoka kwenye picha mara moja tu. Fuata mistari ya nje, mishono na dati, uache mikunjo ya kitambaa, maana mikunjo ni ya siku ile ya picha. Huo ndio mchoro mama, na haufutwi wala kuguswa. Kila mtindo uchore kwenye karatasi nyepesi iliyolazwa juu yake, au kwenye tabaka jipya kama unachora kwa kompyuta. Ukimaliza, panga karatasi zote dirishani dhidi ya mwanga. Kama ulibadilisha mikono, basi shingo, kiuno na pindo viangukie mstari mmoja. Ukiona pindo mbili, mkono wako ulitembea.

Angalia pia picha yenyewe. Ukipiga kwa karibu kamera ikiwa usawa wa uso, sehemu ya juu hukua na sketi hufupika, na mitindo yote sita itarithi kasoro hiyo. Weka kamera usawa wa kiuno, simama mbali kama mita 3, kisha vuta picha.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza, kwa sababu naletewa karibu kila wiki. Watu wanaamini kwamba kilichobadilika mara moja kwenye picha kimebadilika mara moja kwenye kitambaa. Chukua gauni la shingo pana ya duara, lisilo na zipu, linalovaliwa kwa kupitishwa kichwani. Tuseme mzunguko wa shingo yake ni sentimita 64. Mbunifu anaibadilisha iwe shingo ya juu inayokumbatia koo, sentimita 38. Kwenye mchoro ni badiliko moja, tena zuri. Lakini kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa takriban sentimita 56, na kitambaa kisichovutika hakitampisha. Gauni hilo sasa linadai zipu au mpasuo mgongoni, sehemu ambayo picha ya mbele haikuionyesha kabisa.

Mkono wa puto nao una madai yake. Ukiubandika penye mkono wa kawaida, mshono wa bega unabaki mrefu na puto linaning'inia nje ya bega badala ya kusimama juu yake. Bega hupunguzwa, mara nyingi sentimita 1 hadi 1.5, na kichwa cha mkono huongezwa urefu na upana ili kipate cha kukusanya. Hayo yote nayahesabu kuwa badiliko moja, kwa kuwa yanadaiwa na mkono wenyewe. Yaandike pembeni ya mchoro siku ileile.

Kisichohesabiwa ndani ya badiliko hilo moja ni kile unachoongeza ili jicho litulie. Ukichora mkono mrefu unaopanuka chini, upana wake unaangukia usawa wa nyonga, na nyonga zitaonekana pana kuliko zilivyokuwa. Hapo mkono wako utatamani kupunguza sketi. Usiiguse. Ulikuwa unauliza mkono huo unalifanyia nini gauni hili, na umepata jibu. Kama jibu hulipendi, tupa mtindo huo na urudi kwenye mchoro mama.

Ndiyo maana nawakasirikia wanaofundisha kukata mkono kwenye picha ya gauni jingine, kuubandika kwenye lako, na kuhesabu mitindo 30 kwa saa moja. Mkono ule ulikatwa kwa kwapa jingine na kwa kitambaa kingine, labda kilaini kinachoanguka, na wewe umeuweka kwenye kitambaa kigumu kinachosimama. Picha haitalalamika. Mteja ataichagua, atalipa arbuni, kisha fundi ndiye atakayeambiwa hajui kushona. Nimeshafumua magauni ya namna hiyo, na mara nyingi kitambaa kilichobaki hakikutosha kurekebisha. Kabla hujamwonyesha mteja mtindo wowote kati ya sita yako, chora mgongo wake, uonyeshe gauni linafungukia wapi.