Ganzi ya vidole vitatu na nusu: maelezo kwa matabibu wanaoanza kazi

Ninyi mnaoanza zamu za kliniki hapa Kigoma mtakutana mapema sana na mgonjwa atakayenyoosha mkono mezani na kusema, "Dokta, mkono wote unakufa ganzi." Neno la kulitilia shaka katika sentensi hiyo ni "wote". Mimi mwanzoni sikulitilia shaka, na mama mmoja wa Ujiji alilala vibaya kwa mwezi mzima zaidi ya ilivyostahili.

Mama huyo alikuwa na miaka 46, na kazi yake ilikuwa kupasua mise, yaani kokwa za chikichi zinazobaki baada ya mawese kukamuliwa. Kazi hiyo hufanywa kwa kukaa chini, kokwa moja ikishikwa juu ya jiwe kubwa kwa vidole vya mkono wa kushoto, huku mkono wa kulia umelibana jiwe dogo na kugonga, kifundo kikijikunja kila pigo, tangu asubuhi hadi jua linapopungua ukali. Alikuwa na ganzi mkono wa kulia kwa miezi 3. Ilimwamsha saa nane usiku, naye akaninyoshea mkono kunionyesha anavyofanya: aliukung'uta hewani kama mtu anayekung'uta maji baada ya kunawa. Nilimwandikia vidonge vya vitamini B na dawa ya maumivu, nikamwambia arudi baada ya mwezi. Kule kukung'uta mkono, ambako peke yake kulitosha kunielekeza, nilikuona na sikukuandika popote.

Aliporudi bila nafuu alinikuta nikiwa zamu pamoja na tabibu mzee, ambaye hakuuliza tena kama mkono wote una ganzi. Alichukua pamba na kalamu. Alimwomba mama afumbe macho, akamgusa kwa ncha ya pamba sehemu moja baada ya nyingine, kisha akachora mstari kwenye ngozi kila mahali mguso ulipoanza kufifia. Kidole cha mwisho kilihisi vizuri. Kidole gumba, cha shahada na cha kati havikuhisi sawasawa kwa upande wa kiganja. Kidole cha pete kiligawanyika katikati: nusu inayotazama kidole cha kati ilikuwa na ganzi, na nusu inayotazama kidole cha mwisho ilikuwa nzima. Halafu akagusa kiganja chenyewe, pale penye mnofu chini ya kidole gumba, na mama akasema, "Hapo nasikia, mwanangu." Mzee akanigeukia na kuniambia kwamba jibu lote limeshachorwa na kilichobaki ni kulisoma.

Ili kulisoma mchoro huo, ni lazima mjue neva mediani, inayohudumia vidole hivyo vitatu na nusu, inapita wapi. Neva hiyo inaundwa kwapani kutokana na mizizi ya shingoni, inashuka mkononi sambamba na ateri kuu ya mkono, na inapofika mbele ya kiwiko inakuwa upande wa ndani wa ateri hiyo. Katika sehemu yote ya juu ya mkono haitoi tawi lolote la ngozi. Chini ya kiwiko inapenya kati ya vichwa viwili vya msuli unaogeuza kiganja kitazame chini, kisha inajificha kati ya tabaka mbili za misuli inayokunja vidole. Karibu na kifundo inaibuka juu zaidi, ikawa chini kidogo tu ya ngozi. Sentimita 5 hivi kabla ya kufika kifundoni inatoa tawi dogo ambalo wanafunzi wengi hulisahau: tawi la ngozi ya kiganja. Tawi hili halipiti ndani ya handaki la karpali, njia ambayo neva yenyewe inaipita kuingia kiganjani. Linavuka juu ya paa lake na kwenda kuhudumia ngozi ya kiganja upande wa kidole gumba.

Handaki la karpali ni njia nyembamba iliyo mwanzoni mwa kiganja, wala si kwenye mikunjo ya kifundo kama wengi wanavyodhani. Sakafu na kuta zake ni mifupa midogo 8 ya karpali iliyopangika kama bakuli lenye kina kifupi, na paa lake ni mkanda mnene na mgumu uitwao retinakulamu, uliofungwa kwenye mifupa ya upande huu na upande ule. Ndani yake mnapita vitu 10: kano 4 za tabaka la juu la kukunja vidole, kano 4 za tabaka la chini, kano 1 ndefu ya kidole gumba, na neva mediani. Neva ndiyo iliyo karibu zaidi na paa. Neva alna, inayohudumia kidole cha mwisho na nusu iliyobaki ya kidole cha pete, inapita nje ya handaki, juu ya retinakulamu pamoja na ateri yake.

Sasa rudini kwenye mchoro wa yule mama. Kidole cha mwisho ni kizima kwa sababu neva yake haiingii handakini. Kidole cha pete kimegawanyika kwa sababu kinahudumiwa na neva mbili, na ni moja tu iliyobanwa. Ngozi ya kiganja inahisi kwa sababu tawi lake limeshachepuka kabla ya handaki. Neva ingekuwa imebanwa juu zaidi, kwa mfano katikati ya ule msuli wa chini ya kiwiko, kiganja nacho kingekuwa na ganzi. Tatizo lingekuwa shingoni, kwenye mzizi wa neva, mstari usingekipasua kidole cha pete katikati, na kwa kawaida mngekuta maumivu yanayoshuka kutoka shingoni au mshtuko wa msuli uliopungua mnapogonga kwa kinyundo.

Swali linalofuata ni kwa nini kubanwa kulete ganzi, na kwa nini neva ilalamike ilhali kano 9 zilizo pembeni yake zimenyamaza. Handaki halitanuki. Ala laini zinazozifunika kano zikivimba kwa kazi ya kurudiarudia, au mwili ukihifadhi maji kama inavyotokea katika ujauzito, nafasi haiongezeki ila shinikizo linapanda. Kwa mtu mzima wa afya, shinikizo la ndani kifundo kikiwa kimenyooka huwa chini ya milimita 10 za zebaki. Kwa wenye tatizo hili hufika kama 30, na kifundo kikikunjwa au kurudishwa nyuma huweza kufika 90 na kuzidi. Kano ni kamba ngumu, zinastahimili. Neva hutegemea vishipa vyembamba vya damu vinavyotambaa juu yake na ndani yake, na damu inayorudi kwenye vena ndiyo ya kwanza kukwama, tangu shinikizo likiwa kati ya 20 na 30. Damu ikikwama, maji huvujia ndani ya neva, neva huvimba, na uvimbe huo unazidisha shinikizo lile lile lililouanzisha.

Nyuzi za neva zenye njaa ya hewa hufanya mambo mawili kwa nyakati tofauti. Kwanza huwa na uchokozi: hutoa ishara bila kuguswa, nazo ndizo zile sindano sindano na hisia ya siafu wanaotembea vidoleni. Baadaye ala ya mielini inayozifunika nyuzi nene huharibika pale palipobanwa, na ujumbe wa mguso unaotoka vidoleni unafika ukiwa umechelewa au haufiki kabisa. Hiyo ndiyo ganzi yenyewe. Ngozi ya kidole haina kasoro yoyote; njia ndiyo imezibwa. Shinikizo likidumu, nyuzi zenyewe hufa, na hapo hata kuliondoa shinikizo hakurudishi kila kitu. Usiku hali huzidi kwa kuwa tunalala tumekunja vifundo na maji ya mwili hurudi mikononi, na ndiyo maana mtu akiamka na kuukung'uta mkono damu hupita na kupata nafuu.

Kwa yule mama tulithibitisha kwa kumwomba aviweke vifundo vyote viwili katika hali ya kukunjwa kabisa kwa sekunde 60. Alipofika sekunde 40 hivi alisema siafu wameanza upande wa kulia. Tulimwomba pia anyanyue kidole gumba wima kutoka kwenye kiganja dhidi ya kidole changu. Nguvu ilikuwa imepungua kidogo, lakini mnofu wa chini ya kidole gumba ulikuwa bado umejaa. Mnofu huo huhudumiwa na tawi la neva mediani linalotoka baada ya handaki, kwa hiyo ukisinyaa na kuacha bonde, msipoteze wiki kwa vidonge: mpelekeni mgonjwa kwa daktari wa upasuaji, ambaye hulipasua paa la handaki. Tulipima pia sukari, tukakagua dalili za tezi ya shingo, tukauliza kuhusu ujauzito. Hakukuwa na kitu.

Tulimfunga bao la plasta la kuvaa usiku, na hapo nikakosea mara ya pili. Nililiunda kama la mtu aliyevunjika, kifundo kimeinuliwa nyuma kwa nyuzi 30 hivi. Baada ya wiki alirudi akisema bao linamwamsha mapema kuliko jiwe la mise. Alikuwa sahihi, kwani kurudisha kifundo nyuma kunapandisha shinikizo kama kukikunja mbele. Nililitengeneza upya kikiwa kimenyooka kabisa, akalivaa usiku kwa wiki 6, na kazi ya kugonga akampa binti yake huku yeye akichambua. Kuamka usiku kuliisha kabla ya wiki ya tatu. Ncha ya kidole cha shahada ilichelewa zaidi, na hata wiki ya sita bado hakuweza kuokota sindano ya kushonea mezani bila kuitazama.

Jambo moja linahusu mikoa yetu hasa, kuanzia hapa hadi Tabora. Ukoma bado upo, nao hupenda neva za mkono. Kabla ya kuandika kwamba ganzi ni ya handaki la karpali, mvueni mgonjwa shati na kutazama kama ana baka lililopauka lisilohisi, kisha pitisheni kidole nyuma ya kiwiko, upande wa ndani, mtafute neva alna kama imenenepa kama kamba. Tazameni pia kama vidole vina makovu ya moto ambayo mwenyewe hakumbuki aliyapata lini. Mwenye handaki lililobana huhisi kuchomwa na pini kwa muda mrefu hata mguso wa pamba unapofifia, kwa sababu nyuzi nyembamba za maumivu huharibika mwishoni. Mwenye ukoma mara nyingi huipoteza pini na joto mapema, na huyo halali macho usiku akikung'uta mkono.