Mahojiano ya mchuuzi wa dagaa: kupata kero, matakwa na maneno yake

SWALI: Mimi na wenzangu hapa Kigoma tunatengeneza programu ya simu ya kuandikia mauzo na madeni ya wachuuzi wa dagaa. Nimerekodi mahojiano ya dakika arobaini na mama mmoja anayeuza pale Kibirizi. Wabunifu wetu wameniomba kero zake, matakwa yake na maneno yake mwenyewe. Niliwaandikia muhtasari wa ukurasa mmoja, wakasema hauwasaidii kuchora chochote. Nimekosea wapi, na nitatofautishaje kero na ombi?

JIBU: Muhtasari unamweleza mbunifu kwamba mtu alilalamika, lakini haumwonyeshi alikuwa wapi, mikono yake ilikuwa ikifanya nini, alibonyeza nini na kilichofuata kilikuwa nini. Mambo hayo manne ndiyo anayoyachorea. Kwa hiyo weka muhtasari kando kwa sasa, urudi kwenye sauti yenyewe.

Sikiliza rekodi yote mara moja bila kuandika chochote, kisha uianze upya ukiandika neno kwa neno na kutia muda pembeni kila anayezungumza anapobadilika. Kazi hii ni ya polepole. Sauti ya saa moja kwa kawaida huchukua takriban saa nne kuiandika vizuri, na kelele za mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, zitaongeza muda huo. Pasiposikika, andika kwamba hapasikiki na uweke dakika yake, wala usijaze kwa kubahatisha. Akichanganya Kiha, liache neno kama alivyolitamka, halafu mtu anayekijua Kiha aandike maana yake chini, ikionekana wazi kuwa ni tafsiri. Kubwa zaidi, usifute maswali yako. Wengi huyafuta ili ukurasa uonekane safi, na hapo ndipo wanapopoteza kipimo cha kujua jibu lipi lilitoka moyoni mwa mtu na lipi aliwekewa mdomoni.

Nimetunga kipande kifupi kinachofanana na mazungumzo ya aina hiyo, ili tukifanyie kazi pamoja kana kwamba kimetoka kwenye rekodi yako.

14:05 Mhoji: Ukishauza kwa mkopo, unafanyaje?
14:09 Mchuuzi: Naandika kwenye daftari kwanza. Kwenye simu ni baadaye, nikifika nyumbani.
14:18 Mhoji: Kwa nini baadaye?
14:20 Mchuuzi: Pale mikono ina maji, ina mchanga, kioo hakisikii. Halafu mtandao ukikatika ile inazunguka tu, hujui imeingia au haijaingia. Siku ile nikabonyeza tena, yule mama akaonekana anadaiwa mara mbili. Tukagombana.
14:52 Mhoji: Kwa hiyo ungependa ifanye kazi bila mtandao?
14:55 Mchuuzi: Ee, hiyo ingekuwa nzuri.
15:01 Mchuuzi: Ila mimi mngeniwekea sauti. Niongee tu, yenyewe iandike.

Anza na jibu la 14:20, kwa sababu limebeba mambo mawili yaliyofungwa pamoja, na ukiyaacha hivyo mbunifu atayatibu kwa dawa moja. La kwanza ni mikono yenye maji na mchanga ambayo kioo hakiitambui. La pili ni kutojua kama deni limehifadhiwa mtandao unapokatika. Ya kwanza ingemsumbua hata kama mtandao ungekuwa imara siku nzima, na ya pili ingemsumbua hata akiwa ameketi nyumbani na mikono mikavu. Hizo ni kero mbili, na kila moja inastahili mstari wake.

Sasa kero ya pili iandikwe vipi? Mtu mwenye haraka ataandika kwamba programu ina tatizo la mtandao, sentensi ambayo haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu mtandao wa Kibirizi hauko mikononi mwa wabunifu wenu. Mwingine ataandika kwamba programu haifanyi kazi bila mtandao. Hii inaonekana bora, lakini kwa kweli ni suluhisho lililovikwa nguo za kero: limeshaamua dawa kabla ya kueleza ugonjwa. Mimi ningeandika hivi: mtandao unapokatika akiwa mwaloni, mchuuzi huyu hana namna ya kutambua kama deni limehifadhiwa, hivyo hubonyeza tena, deni hujirudia, na mteja humgombeza kwa deni asilokuwa nalo. Sentensi hiyo ina mtu, mahali, kizuizi na matokeo, na haijamfunga mbunifu. Anaweza kuhifadhi deni kwenye simu kwanza, anaweza kuonyesha alama iliyo wazi kwamba deni linasubiri kutumwa, au anaweza kuzuia ingizo la pili linalofanana na la kwanza. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia: kero uliyoiandika ikikubali jibu moja tu, rudi kwenye rekodi, kwa kuwa yawezekana umeandika jibu.

Kabla hujaondoka hapo, waombe wenzako wanaotunza kanzidata waangalie kama kuna maingizo ya mteja yuleyule na kiasi kilekile yaliyofuatana kwa sekunde chache. Yakiwapo, utakuwa na ushahidi wa pili usiotegemea kumbukumbu ya mtu. Yasipokuwapo, usiifute kero, ila eleza kwamba haijathibitishwa na kumbukumbu za mfumo, kwani huenda aliyafuta mwenyewe baada ya ule ugomvi.

Jibu la 14:55 ndilo linalowaponza wengi. Ukilisoma peke yake linaonekana kama ombi safi kabisa, lakini ombi hilo ni lako wewe. Ulilitamka, naye akaliitikia kama mtu yeyote mwenye adabu anavyomwitikia mgeni aliyekuja kumsikiliza. Lisiingie kwenye orodha ya matakwa. Libakishe kwenye maandishi ukiweka alama kwamba limetoka kwa mhoji, ili mtu mwingine asije akaliokota baadaye na kulifanya hoja.

La 15:01 ni tofauti, kwa sababu hakuna aliyemuuliza kuhusu sauti, na tena amelianza kwa kukupinga kidogo. Hilo ni ombi lake. Liandike kama alivyolisema, halafu kwenye safu ya pembeni uandike haja iliyo nyuma yake, yaani kuingiza deni akiwa mwaloni bila kugusa kioo kwa mikono iliyolowa. Vitu hivyo viwili visichanganywe. Akipewa ombi peke yake, mbunifu ataanza kuhangaika na programu ya kutambua sauti katikati ya kelele za injini na wapiga bei. Akipewa haja peke yake, hatajua kwamba mama huyu tayari ameshafikiria njia. Wewe si kazi yako kuamua kama sauti inawezekana. Hilo waachie wao.

Limebaki daftari la 14:09, ambalo muhtasari wako huenda uliliruka kwa sababu hakulilalamikia. Kwangu mimi ndilo lenye uzito kuliko yote katika kipande hiki. Mtu aliye na programu mkononi na bado anatangulia kuandika kwenye karatasi anakuonyesha kwa tendo kwamba pale mwaloni hajaiamini. Lipe jina lake, njia ya kujiokoa, na uliunganishe na kero zote mbili. Watu wetu wana ustaarabu mbele ya mgeni: ukiuliza kama programu ina shida, utaambiwa ni nzuri tu, kisha nusu saa baadaye daftari linatokea katikati ya hadithi nyingine. Kwa hiyo mahali anaposema kwamba amezoea, au kwamba wanaenda nayo hivyohivyo, simama usikilize tena kabla na baada yake. Na anaposimulia tukio moja lililompata, lipe uzito kuliko maelezo ya jumla kuhusu anachofanya kila siku, na maelezo hayo nayo yana uzito kuliko anachodhani angefanya kesho.

Kuhusu maneno ya kuthibitisha, chagua kifungu kinachobeba kero chenyewe bila kuhitaji maelezo yako. Kwa kero ya pili kifungu hicho ni «ile inazunguka tu, hujui imeingia au haijaingia», dakika ya 14:20. Kifungu cha «tukagombana» kiweke upande wa matokeo, kwa sababu kinaeleza ukubwa wa athari, ila hakielezi kizuizi. Usisahihishe sarufi yake, usigeuze maneno yake yawe ya ofisini, na ukiruka maneno katikati onyesha kwa nukta tatu. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kushona pamoja vipande vya dakika tofauti ili vitoe sentensi moja nzuri, kwa mfano kumwandikia kwamba mtandao ukikatika anataka aongee tu. Vipande vyote viwili ni vyake, lakini yeye hakuvisema pamoja, na sauti aliiomba kwa sababu ambayo bado hujamuuliza. Nilipoiunganisha na mikono yenye maji hapo juu nilikisia kutokana na alichotangulia kusema, kwa hiyo safu ile ya haja iandikwe kwamba ni tafsiri ya mtafiti mpaka mama athibitishe. Kero isiyopata hata kifungu kimoja nayo ipewe alama hiyohiyo au iondolewe.

Ukimaliza, mpe mwenzako maandishi yasiyo na alama zako, naye atie za kwake. Msipopatana mahali, rudini kwenye sauti badala ya kubishana kwenye karatasi. Katika kila mstari muandike «mchuuzi huyu», si «wachuuzi», maana mnaye mmoja tu. Mtakapowahoji wengine, hesabuni watu, msihesabu mara ambazo jambo limetajwa, kwani mama mmoja akirudia kero mara tisa bado ni mama mmoja.

Jambo jingine ni la kisheria. Katika kueleza madeni atakuwa amewataja wateja wake kwa majina, na hao hawakukubali kurekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawahusu hata ninyi mlio kikundi kidogo. Majina yabadilishwe yawe «mteja wa kwanza» na «mteja wa pili» tangu kwenye maandishi, na kipande cha sauti kisirushwe kwenye kundi la WhatsApp la wabunifu, kwa sababu Kibirizi watu wanajuana kwa sauti.

Baada ya hapo rudi kwa huyo mama kwa dakika kumi ukazibe pengo uliloliacha 14:52. Usimtajie mtandao wala suluhisho lolote. Mwambie akusimulie mara ya mwisho alipoandika deni akiwa palepale mwaloni, tangu mteja alipobeba dagaa mpaka yeye alipojua deni limeingia, na umwache aongee. Akigusia sauti tena, muulize ni lini hasa alitamani kuwa nayo, kisha unyamaze.