Flipflopu: unayo ipi, unataka ipi?

"Mwalimu naomba fomula zote sita za kubadilisha D, T na JK, testi ni kesho asubuhi."

Sikupi. Swali hili linarudi kila muhula na jibu langu halibadiliki. D kwenda JK ni `D = JQ' + K'Q`, T kwenda JK ni `T = JQ' + KQ`, angalia hizo mbili vizuri, tofauti ni kialama kimoja juu ya K, sasa wewe uliyekariri usiku utakumbuka kialama kiko kwenye ipi ukiwa na pepa mbele yako? Kuchora tebo ya mistari minane hakumalizi dakika tano. Soma jibu linalofuata halafu hizo sita uzitoe mwenyewe leo leo.

"Kubadilisha JK iwe D natumia tebo ya ipi? Kila nikifanya napata jibu la kinyume."

Hapa ndipo maksi zinapopotelea kuliko sehemu nyingine yoyote kwenye mada hii, na sio kwamba watu hawajui tebo, wanajua, ila wanazigeuza. Jiulize kwanza mkononi unayo ipi. Unayo JK, unataka itende kama D. Ile unayoitaka ndiyo yenye amri ya kusema Q ijayo iwe ngapi, kwa hiyo mistari yako inaanza na tebo ya tabia ya D. Ile uliyonayo ndiyo ina miguu ya kulishwa, kwa hiyo safu za mwisho zinajazwa kwa tebo ya eksaitesheni ya JK. Yaani hivi:

```
D  Q  Q+ | J  K
0  0  0  | 0  X
0  1  0  | X  1
1  0  1  | 1  X
1  1  1  | X  0
```

Chukua mstari wa tatu. Q ni 0 na D inataka iwe 1. JK inafika hapo kwa njia mbili, kuseti (J=1, K=0) au kugeuza (J=1, K=1), J ni 1 kote kote na K haina neno, ndo maana imeandikwa X. Mstari wa nne Q tayari ni 1 na inatakiwa ibaki 1, hapo K lazima iwe 0 lakini J ikiwa 0 inashikilia, ikiwa 1 inaseti, yote sawa, J inakuwa X.

Sasa soma safu ya J ukiruka X: inafuata D. Safu ya K inafuata kinyume cha D. Basi `J = D` na `K = D'`, geti moja ya NOT na kazi imeisha.

Kuna wanaoona X wakaingiwa na woga wakaijaza 0. Wanapata `J = DQ'` na `K = D'Q`, na sakiti inafanya kazi kweli, lakini umeongeza geti mbili za AND bure na swali likisema urahisishe hujarahisisha.

Cheki yako ya mwisho: upande wa kushoto wa fomula lazima uwe mguu wa flipflopu uliyonayo. Wewe bila shaka ulimaliza na `D = ...`, hilo ni jibu la D kwenda JK.

"Kwa nini eksaitesheni ya D haina X hata moja?"

Ina mguu mmoja, na Q ijayo ndiyo D yenyewe, hakuna njia ya pili. T pia hivyo hivyo.

"Nimetoa T kutoka D, D = T ⊕ Q, ila kwenye Verilog Q inabaki x mwanzo mpaka mwisho. Fomula ina kosa?"

Fomula ni sahihi, ulichosahau ni riseti. Q inaanza haijulikani, ukiifanyia XOR na chochote inatoka x tena, kloki ikipiga x inarudi kwenye Q, unazunguka hapo hapo. Weka hivi:

```
always @(posedge clk or negedge rst_n)
  if (!rst_n) Q <= 0;
  else        Q <= T ^ Q;
```

Halafu kwenye testibenchi uishushe `rst_n` kidogo mwanzoni kabisa, maana wengine wanaiandika riseti halafu hawaigusi.

Hili halitoki kwenye pepa ila nalisema: D uliyoitoa kwenye T, `T = D ⊕ Q`, nayo kwenye simulesheni itakwama x bila riseti, wakati kwenye chipu halisi Q ni lazima iwe 0 au 1, kwa hiyo pigo moja tu la kloki linaileta Q sawa na D. T uliyoitoa kwenye D haina bahati hiyo, kwenye bodi itageuka vizuri lakini hujui imeanzia wapi. Ukitumia 7474 mguu wa klia unafanya kazi ukiwa chini, ushushe wakati wa kuwasha kisha urudishe juu, na preseti ifunge juu, usiiache inaning'inia hewani.