Kwa nini theluthi mbili, si nusu

Swali: "Wazazi wangu wote wana kinasaba kimoja cha selimundu, lakini hawaumwi. Mdogo wangu anaumwa, mimi ni mzima. Je, nina uwezekano wa nusu wa kukibeba?"

Jibu: Kinasaba cha kawaida tukiite A, na cha selimundu tukiite S. Chora mraba wa Punnett wenye vyumba vinne, uandike A na S za mama juu, na A na S za baba ubavuni. Vyumba vitajaa AA, AS, AS na SS. Kinasaba A hufunika athari ya S, ndiyo maana AS haumwi na SS huumwa.

Nusu uliyoitaja ni sahihi kwa mtoto ambaye hali yake bado haijulikani. Wewe, hata hivyo, huumwi, kwa hiyo chumba cha SS kinafutwa, na katika vitatu vilivyobaki viwili ni AS. Uwezekano wako ni 2/3, na hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa sababu husahau kufuta chumba hicho kabla ya kuhesabu.

Ukioana na mwenye AS, uwezekano wa mtoto kuwa SS ni 2/3 × 1/4, yaani 1/6. Ukioana na mwenye AA, hakuna mtoto atakayerithi SS. Robo hiyo ya wazazi wote wawili wenye AS huanza upya kwa kila mimba, wala ugonjwa wa mdogo wako haukumkinga yeyote atakayefuata. Kipimo cha damu cha aina za himoglobini kitakuonyesha kama wewe ni AA au AS, na hesabu yote hii haitahitajika tena.