Miadi ya ITIN katika ofisi ya IRS: nenda na pasipoti, rudi nayo

Mtu aliyeko Marekani ambaye hastahili kupewa namba ya SSN, lakini jina lake linatakiwa liingie kwenye ritani ya kodi, huomba ITIN, namba ya utambulisho wa mlipakodi, kwa fomu W-7. Wengi huituma kwa posta kwenda Austin, Texas. Tatizo la njia hiyo ni pasipoti. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inataka hati halisi, au nakala iliyothibitishwa na mamlaka ileile iliyoitoa hati. Nakala uliyogongewa mhuri na wakili, hata ikiwa safi namna gani, haikubaliki. Kwa hiyo pasipoti yenyewe inaingia kwenye bahasha, na IRS wanasema hati halisi hurudishwa ndani ya siku 60. Likitokea la kutokea nyumbani katika kipindi hicho, huna cha kusafiria.

Ndiyo maana nawashauri watu waende ofisini. Kwenye tovuti ya irs.gov ofisi hizi huitwa Taxpayer Assistance Center, kwa kifupi TAC. Mfanyakazi anaikagua pasipoti mbele yako, anakurudishia palepale, kisha fomu na ritani yako ndivyo vinavyosafiri kwenda Austin. Huduma ni bure. Wapo pia mawakala walioidhinishwa na IRS wanaoweza kuikagua pasipoti, ila kwa kawaida hao hutoza ada.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Mume yuko Ohio kwa viza ya kazi ya H-1B, ana SSN, na kwa hesabu za kodi ni mkazi. Mke kawasili kutoka Mwanza Agosti 2025 kwa viza ya mwenzi ya H-4, hana kibali cha kazi, hivyo hapewi SSN. Wakitaka kujaza ritani ya pamoja ya mwaka 2025, kiasi cha msingi kisichotozwa kodi ni dola 31,500. Mume akijaza kama mwenye ndoa anayejaza peke yake, ni dola 15,750. Tofauti hiyo inatosha kuhangaikia ITIN ya mke.

Kupata miadi

Ofisi hizi hazipokei kazi ya ITIN kwa kupanga foleni tu mlangoni. Unapiga 844-545-5640, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni kwa saa za mahali ulipo. Kabla ya kupiga, tafuta ofisi kwenye irs.gov kwa kutumia zip code yako, kisha soma orodha ya huduma za ofisi hiyo. Si kila TAC inakagua hati za ITIN, na iliyo karibu nawe inaweza kuwa miongoni mwa zisizokagua. Hapa ndipo watu wengi hupoteza siku ya kazi: wameomba miadi ya "mambo ya kodi", wamefika, na wameambiwa huduma hiyo haipo pale.

Kwa hiyo mweleze anayepokea simu, bila kuzunguka, kwamba unataka miadi ya kukaguliwa hati za ITIN, na umtajie W-7 ni ngapi. Mfano wetu una moja, ila familia yenye watoto inaweza kuwa nazo kadhaa. Muulize kama mwombaji lazima afike mwenyewe. Mimi ningewapeleka wote wawili hata kama si lazima, kwa sababu sahihi iliyosahaulika hurekebishwa palepale. Kama mke hajazoea Kiingereza, omba mkalimani wa Kiswahili mapema. IRS hutoa ukalimani kwa njia ya simu bila malipo, na hakuna haja ya mtoto wa shule kubebeshwa mazungumzo ya kodi ya wazazi wake.

Usikate simu kabla hujaandika tarehe, saa, anwani kamili pamoja na namba ya chumba au ghorofa, namba ya uthibitisho wa miadi, na jina la uliyezungumza naye.

Piga mapema, kwa maana Februari hadi Aprili nafasi hujaa haraka. Ukipewa tarehe iliyo baada ya 15 Aprili, mume ajaze fomu 4868 ya kuomba muda hadi 15 Oktoba. Mahali panapotaka namba ya mke, maelekezo ya fomu yanasema uandike ITIN TO BE REQUESTED. Muda huo ni wa kuwasilisha ritani, si wa kulipa. Kama kuna kodi mnayodaiwa, riba inaanza kuhesabiwa baada ya 15 Aprili.

Karatasi za kubeba

Wafanyakazi wa TAC hawajazi ritani za watu. Ukifika na W-2, fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri, mkononi ukitegemea kusaidiwa kujaza, safari imeharibika. Ritani ya 1040 ifike imekamilika, imechapishwa, na imesainiwa na wote wawili. Usiitume kwanza kwa mtandao, wala usipeleke nyingine kwenye anwani ya kawaida ya posta. Ritani inayoambatana na W-7 ni moja tu, ya karatasi, na inakwenda pamoja nayo. Penye namba ya mke, acha wazi kabisa, bila sifuri wala namba za kubuni.

Juu ya furushi weka W-7, chini yake 1040 ikiwa na W-2 ya mume. Katika mfano wetu kuna karatasi moja zaidi ambayo watu wengi huisahau. Mke aliingia Agosti, kwa hiyo hakufikisha siku 183 ndani ya mwaka 2025, na kwa kodi bado si mkazi. Ili wajaze pamoja, lazima waambatishe tamko lililosainiwa na wote wawili, likisema kwamba siku ya mwisho ya mwaka, mmoja wao alikuwa mkazi na mwenzake hakuwa, na kwamba wamechagua wote wahesabiwe wakazi kwa mwaka mzima. Liwe na majina, anwani na namba za utambulisho. Kwa mke, eleza kwamba ITIN inaombwa. Mjue pia gharama ya uchaguzi huo: mapato ya mke ya Tanzania, yakiwemo mshahara wa miezi ya kabla ya safari au pango la nyumba anayopangisha, yanaingia kwenye ritani.

Pasipoti ya mke iwe halisi na isiyokwisha muda. Kati ya hati 13 zinazokubalika, pasipoti ndiyo pekee inayosimama yenyewe kuthibitisha mtu ni nani na ni raia wa nchi gani. Asiye nayo atahitaji angalau hati mbili. Cheti cha ndoa hakimo kwenye orodha hiyo, ingawa hakuna ubaya kukibeba. Mume abebe kitambulisho chenye picha na SSN yake. Kisha tengeneza nakala ya furushi zima, ukurasa kwa ukurasa, ibaki kwako.

Sehemu za W-7 zinazoangusha watu

Ya kwanza ni majina. Pasipoti ikisema majina yake matatu, W-7 na 1040 zifuate hivyo hivyo, kwa mpangilio uleule. Mume anayejaza ritani mara nyingi humwandika mke kwa jina la ukoo la mumewe, ilhali pasipoti ina jina la baba yake. Karatasi hizo mbili zikitofautiana, mchakataji wa Austin anaona watu wawili.

Ya pili ni mstari wa 3, anwani ya nje ya nchi. Sisi tumezoea kuandika S.L.P., lakini maelekezo yanasema sanduku la posta halikubaliwi kwenye mstari huo, wala anwani ya kupitia kwa mtu mwingine. Ukiliandika, ombi linaweza kukataliwa. Andika mtaa, kata na mji. Kama mke amehama moja kwa moja na hana tena makazi Mwanza, anaandika jina la nchi tu.

Ya tatu ni sababu ya kuomba. Katika mfano wetu ni kisanduku e, mwenzi wa raia au mkazi, na kwenye mstari unaofuata linaandikwa jina la mume na SSN yake. Aina ya viza, namba yake na tarehe ya kuingia Marekani zinajazwa kwenye mstari wa 6.

Siku yenyewe, na namna ya kuandika kilichotokea

Fika mapema kidogo, kwani baadhi ya ofisi ziko ndani ya majengo ya serikali yenye ukaguzi mlangoni. Mfanyakazi akishachukua karatasi, fuatilia jambo moja kwa macho yako: ameilinganisha pasipoti na W-7, na pasipoti imerudi mkononi mwako. Kabla ya kuondoka mwombe agonge mhuri wa tarehe ya kupokelewa kwenye nakala yako ya ukurasa wa kwanza wa ritani. Mhuri huo ndio ushahidi kwamba ritani ilifika siku hiyo, iwapo baadaye itadaiwa kuchelewa.

Muulize jina lake na namba yake ya utambulisho wa kazi. Ni haki yako, na hakuna kinachokuzuia kuuliza kwa adabu. Kisha, kabla hujawasha gari, andika. Maelezo yawe mafupi na ya mambo yaliyotendeka, kwa mfano:

"10 Machi 2026, saa 4:30 asubuhi. TAC, chumba namba fulani. Afisa: jina na namba. Imepokelewa W-7 moja (mke) na 1040 ya 2025, kurasa kadha, pamoja na W-2 na tamko. Pasipoti imekaguliwa, imerudishwa papo hapo. Nakala imegongwa mhuri. Kaambiwa asubiri wiki 7 au zaidi. Hakuna kilichobaki kuletwa."

Sentensi ya mwisho ni muhimu kuliko inavyoonekana. Kama kuna kitu afisa alisema kiletwe, andika kitu gani, kipelekwe wapi na lini. Baada ya wiki mbili huwezi kukumbuka kama alisema "lete" au "ukipenda lete".

Kwa kawaida jibu huchukua wiki 7. Ombi likiingia kati ya 15 Januari na 30 Aprili, tarajia wiki 9 hadi 11, hivyo ombi letu la Machi liko kwenye kundi hili. Muda huo ukipita kimya, piga 800-829-1040 ukiwa na maelezo yako mbele. Usitume W-7 ya pili kwa wasiwasi, maana maombi mawili ya mtu mmoja huchelewesha yote.

Barua inakuja kwenye anwani ya mstari wa 2, kwa hiyo jina la mke libandikwe kwenye sanduku la barua la nyumba mnayoishi, hasa mkiwa mmepanga. Soma namba iliyo pembeni mwa barua. CP565 ina maana ITIN imetolewa. CP567 ina maana ombi limekataliwa, na sababu imeandikwa ndani. CP566 inataka maelezo au hati zaidi, na una siku 45 za kujibu. Jibu kwa kile kilichoulizwa tu, ambatisha barua yenyewe, na ongeza nakala ya ukurasa wenye mhuri wa TAC.