Kabla ya kijiko cha kwanza cha kreatini, mwambie daktari aliyekuandikia dawa

Juma lililopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Nakuru mwenye umri wa miaka 34, ambaye anatumia sertralini kwa ajili ya sonona tangu mwaka juzi. "Kaka," aliandika, "nimepimwa damu kazini, nikaambiwa figo zangu zimeanza kuharibika kwa sababu ya dawa, na daktari wa hapo amenishauri niiache. Nifanye nini?" Nilimsihi kwanza asiache chochote kabla ya kuzungumza na daktari wake mwenyewe, kwa kuwa mtu akikatiza sertralini ghafla anaweza kupatwa na kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi wa mang'amung'amu na mishtuko kama ya umeme kichwani. Kisha nikamwuliza ni unga gani anaotumia jimu. Alikuwa na miezi miwili kwenye kreatini, unga wa kuongeza nguvu za misuli, na hakuna daktari hata mmoja aliyekuwa na habari.

Mimi mwenyewe natumia dawa mbili kwa miaka kadhaa sasa: sertralini kwa ajili ya sonona, na methilifenideti, dawa ya kuchangamsha ubongo wa mtu ambaye akili yake haitulii mahali pamoja. Kreatini nayo ninaitumia, na nimeongeza uzito ninaoubeba jimu kwa kiasi ninachojivunia. Lakini kabla sijanunua kopo la kwanza nilikwenda kwa daktari wangu wa afya ya akili, mama mmoja makini sana, nikaliweka jambo hili mezani. Alichonieleza siku hiyo ndicho ninachotaka kukipitisha kwako: haijulikani kwamba kreatini inagombana moja kwa moja na sertralini wala na methilifenideti, ila inavuruga vipimo ambavyo daktari huvitumia kujua kama dawa zako zinakufaa au zinakudhuru. Daktari asiyejua kwamba unaitumia atavisoma vipimo hivyo vibaya, na uamuzi wake utakuwa mbaya hata kama ni bingwa.

Tuanze na figo, maana ndipo kijana wa Nakuru alipokwama. Kreatini iliyomo mwilini huvunjika yenyewe, kidogo kidogo kila siku, ikawa taka iitwayo kreatinini, na figo huitoa kwa njia ya mkojo. Maabara hupima kiasi cha taka hiyo katika damu, halafu hukokotoa kwa kanuni, pamoja na umri na jinsia yako, namba inayoandikwa eGFR, yaani makadirio ya kasi ya figo kuchuja damu. Kanuni hiyo inachukulia kwamba kreatinini ikizidi, figo ndizo zilizopunguza kazi. Haina namna ya kujua kwamba wewe unaongeza malighafi yake kwa kijiko kila asubuhi, kwamba misuli yako imenenepa, au kwamba jana usiku ulikula nyama choma, ambayo nayo hupandisha kreatinini kwa saa kadhaa.

Nilimwomba kijana anitumie majibu yake. Kabla ya kuanza sertralini, kreatinini yake ilikuwa 88 kwa kipimo cha maikromoli kwa lita, na eGFR yake ilikuwa takriban 102. Safari hii kreatinini ilisomeka 112, na kwa umri wake hiyo hutoa eGFR ya takriban 76. Anayeiona karatasi hiyo bila maelezo ataona kwamba robo ya nguvu za figo imepotea, na kwa kuwa dawa pekee iliyoandikwa kwenye faili ni sertralini, lawama zote zitaiangukia. Nilimshauri arudi kwa daktari wake na kopo mkononi. Daktari alimpima mkojo kutafuta protini, ambayo mara nyingi huonekana figo zinapoumia kweli, na haikuwepo. Kisha akamwambia aache kreatini kwa wiki kadhaa, asile nyama siku ya kuamkia kipimo, asinyanyue vyuma siku mbili kabla, apimwe tena. Pale penye maabara kubwa ipo njia nyingine, nayo ni kupima sistatini C, protini ambayo kiwango chake hakipandishwi na kreatini wala na kitoweo cha jana, ingawa maradhi ya tezi ya shingo na dawa za steroidi huweza kuivuruga. Sertralini yake inaendelea kama kawaida.

Angalia pia kwamba si kila dawa inaathirika sawa na kosa hili. Sertralini huchakatwa na ini, na dozi yake kwa kawaida haipunguzwi kwa sababu ya figo. Venlafaksini, dawa nyingine ya sonona, hupunguzwa. Lithiamu, ambayo baadhi ya madaktari huiongeza juu ya dawa ya sonona isiyotosha, hutolewa karibu yote na figo, na nafasi kati ya kiwango kinachotibu na kinachodhuru ni nyembamba. Kwa hiyo daktari wa mtu wa lithiamu huitegemea kreatinini kila anapompima. Ukiwa kwenye lithiamu usianze kreatini mpaka daktari wako mwenyewe akubali kwa kauli iliyo wazi, na hapo sina mjadala na mtu.

Kipimo cha pili ni mizani, na hapa yalinikuta mimi. Kreatini huvuta maji ndani ya misuli, na mtu huweza kuongeza kilo 1 hadi 2 katika wiki ya kwanza, hasa akifuata ule mtindo wa kujijaza gramu 20 kwa siku kwa siku tano hadi saba. Methilifenideti, kwa upande wake, huua hamu ya kula, na ndiyo maana daktari hunipima uzito kila ninapokwenda. Nilipokuwa nimezoea kreatini, mizani ilionyesha kilo zilezile za awali, na daktari ambaye hajui angefurahi kwamba ninakula vizuri. Wangu alijua. Alichukua futi kamba akanizungushia kiunoni, akaona kwamba kimepungua, akaniuliza nakula nini mchana, nikamjibu kwa kweli kwamba mara nyingi sili mpaka jua litue. Kilo za maji zilikuwa zimefunika kilo za mwili zilizopotea. Tulibadilisha saa ya kumeza dawa, na tangu hapo kreatini naichanganya na mlo wa jioni ambapo hamu imerudi.

Kwa mtu wa dawa za sonona mambo hugeuka. Anaona amenenepa, anakumbuka alivyosikia kwamba dawa hizi hunenepesha, anaacha dawa iliyokuwa ikimshikilia, kumbe ni maji. Hii ndiyo sababu sipendi mtindo wa kujijaza kwa mtu yeyote anayetumia dawa za akili. Gramu 3 kwa siku hujaza misuli vilevile katika takriban wiki nne, bila mrukaruko wa mizani na bila tumbo kuchafuka.

Kipimo cha tatu hakina mashine: ni hisia zako jinsi unavyomsimulia daktari. Mwaka 2012 watafiti wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya wanawake 52 wenye sonona waliotibiwa kwa esitalopramu, dawa ya sonona ya jamii ya sertralini, kwa wiki nane. Waliopewa na kreatini juu yake, gramu 3 wiki ya kwanza na gramu 5 baadaye, walipata nafuu mapema na kubwa zaidi kuliko waliopewa unga usio na kitu. Ni utafiti mdogo na haukuwahusisha wanaume, kwa hiyo asitokee mtu wa kupunguza dozi yake kwa kuutegemea. Lakini unatosha kutuonya kwamba kreatini huenda inagusa ubongo. Ukiianza wiki ileile daktari alipoongeza dozi, hamtajua kilichokusaidia, wala kilichokunyima usingizi. Ngoja dozi itulie kwanza.

Na wako watu ambao kugusa huko ni hatari kwao. Katika utafiti mwingine mdogo uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa wawili wa bipola waliokuwemo walipandwa na ule uchangamfu uliopita kiasi baada ya kupewa kreatini. Basi ikiwa umewahi kupitia siku ambazo ulilala saa mbili tatu na kuamka mzima, ukazungumza bila kituo, ukatumia fedha usizokuwa nazo, au ikiwa mzazi au ndugu yako wa damu ana bipola, mwambie daktari hilo kabla ya kutaja hata jina la unga. Wengi hutibiwa sonona tu kwa sababu hawakuwahi kuulizwa habari za siku za kupanda.

Siku ya kwenda, usiseme tu "natumia virutubisho". Nimewahi kusema hivyo katika zahanati moja ambako daktari wangu hayupo, na mhudumu akanihubiria mbele ya wagonjwa wengine kuhusu sindano za kuvimbisha misuli ambazo sijawahi kuzigusa. Bado linaniuma. Picha ya lebo, upande wa viambato, ingemaliza maneno yote. Lebo ni muhimu kwa sababu nyingine pia: unga unaouzwa kwa ajili ya kunywewa kabla ya mazoezi mara nyingi una kreatini kidogo na kafeini ya miligramu 200 hadi 300, na wakati mwingine vichangamsho vingine kama sinefrini au yohimbini. Methilifenideti tayari inaharakisha moyo na kupandisha presha. Kuiongezea hivyo ni kuutesa moyo bure. Yohimbini ni mbaya zaidi kwa anayetumia dawa za sonona za kundi la amitriptilini. Nunua kopo ambalo orodha yake ina kitu kimoja tu, kreatini monohaidreti.

Ujumbe wangu kwa daktari ulikuwa karibu hivi, na unaweza kuunakili: "Daktari, natumia sertralini miligramu 100 na methilifenideti asubuhi. Ningependa kuanza kreatini monohaidreti gramu 3 kwa siku, bila kujijaza; picha ya lebo ni hii. Sina historia ya figo wala presha. Katika familia yetu hakuna bipola ninayoijua. Naomba tupime kreatinini, presha, mapigo ya moyo na uzito kabla sijaanza, ili tuwe na cha kulinganisha." Kipimo hicho cha kabla ndicho kilichokosekana kwa wengi walioniandikia, kijana wa Nakuru alikuwa nacho kwa bahati tu.

Daktari akikataa, mwulize sababu na uiandike, maana sababu ya figo hubadilika kipimo kikibadilika, ilhali ya bipola haibadiliki. Akikubali, mwombe aiandike kreatini katika faili pamoja na dozi, na umwulize tarehe ya kurudia vipimo. Baada ya hapo, ukiona mkojo wa rangi ya kahawia baada ya mazoezi makali, hasa siku ya joto ambayo methilifenideti imekusahaulisha kunywa maji, usisubiri tarehe hiyo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na uwatajie dawa zako zote pamoja na unga.